Orodha Isiyotulia: Kupima Utafutaji wa Majina ya Mahali, kutoka Giteranyi hadi Gitega



Andika jina Giteranyi katika kisanduku cha kutafutia cha mfumo wowote unaotunza majina ya mahali pa Burundi, kisha jiulize jibu sahihi ni lipi. Kwa miaka mingi lilikuwa moja tu: Giteranyi ni tarafa ya mkoa wa Muyinga, kaskazini mashariki, jirani na mpaka wa Tanzania. Kisha ikaja sheria ya Machi 2023 iliyopunguza mikoa ya nchi kutoka 18 hadi 5 na tarafa kutoka 119 hadi 42, ikaanza kutumika na uchaguzi wa Juni 2025. Muyinga, Cankuzo na Ruyigi ziliunganishwa zikawa mkoa mmoja wa Buhumuza. Wakulima wa Giteranyi hawakuhama, na barabara ya kwenda mpakani Kobero iko palepale. Kilichobadilika ni rekodi, na rekodi hizo zimo katika mifumo ya hospitali, benki, mashirika ya misaada na kampuni za mabasi. Kila mwenye mfumo alilazimika kuzibadilisha, na hakuna aliyeweza kuzibadilisha zote kwa usiku mmoja.

Ninataka tuzungumze kuhusu kazi ya mtu anayepima utafutaji katika kipindi kama hicho. Anatakiwa kuthibitisha kwamba majibu yanaendana na anachotaka mtafutaji, kwamba mfumo unavumilia makosa ya herufi, kwamba vichujio vinachuja, kwamba upangaji ni sahihi, na kwamba mtu anayepitia ukurasa baada ya ukurasa anaona kila anachostahili kuona. Wakati huohuo, wahariri wanaendelea kubadilisha data chini ya miguu yake.

Timu nyingi huanza kwa kuandika jaribio la namna hii: tafuta "Muyinga", tarajia orodha hii ya majibu kumi, kwa mfuatano huu. Wiki ya kwanza jaribio linapita. Wiki ya pili mhariri anaongeza kituo cha afya chenye jina hilo na jaribio linafeli, ingawa mfumo haujakosea lolote. Mtu anarekebisha orodha inayotarajiwa. Siku chache baadaye linafeli tena. Mwishoni watu wanazoea kuona rangi nyekundu, na siku utafutaji unapoharibika kweli hakuna anayeinua macho. Kasoro hapa ni kwamba maswali mawili tofauti yamefungwa katika jaribio moja. Kuna swali linalohitaji data itulie, na kuna swali ambalo halina maana data ikitulia. Nitaanza na lile la kwanza.

Swali la uhusiano wa majibu, yaani kama jibu linalofaa zaidi linatokea juu, ni hukumu ya kibinadamu. Anayeandika "Gitega" anaweza kuwa anautaka mji, ambao tangu 2019 ndio makao makuu ya kisiasa ya nchi, au tarafa, au mkoa. Huenda hata anaitaka Gitega ya Kigali, kwa maana ndani ya wilaya ya Nyarugenge kuna sekta yenye jina hilohilo. Hakuna kanuni ya kompyuta itakayojua hayo bila mtu kukaa na kuamua. Kwa hiyo tunachukua nakala ya data ya siku moja, tunaigandisha, na juu yake tunaandika orodha ya maswali pamoja na majibu yaliyohukumiwa na watu wanaoijua nchi. Nakala hiyo haiguswi. Kila toleo jipya la programu linapimwa juu ya nakala ileile, ili matokeo yakibadilika tujue kwamba kilichobadilika ni programu.

Kipimo kinaweza kuwa chepesi sana. Kwa kila swali, tazama jibu sahihi limetokea nafasi ya ngapi, kisha gawa 1 kwa nafasi hiyo. Likiwa la kwanza linapata 1, likiwa la pili 0.5, likiwa la nne 0.25, na lisipotokea kabisa linapata 0. Tuseme tuna maswali matano: "giteranyi" limetoa jibu nafasi ya kwanza, "gitelanyi" ya kwanza, "kitega" ya pili, "muhinga" ya nne, na "kitelani" halikupata kitu. Jumla ni 2.75, na wastani wake ni 0.55. Namba hiyo haina maana ikisimama peke yake, lakini ikishuka hadi 0.40 baada ya mtu kubadilisha mipangilio, tunajua pa kuangalia. Muhimu zaidi, tunaweza kufungua swali moja moja tuone lipi limeporomoka.

Hukumu hizi nazo huchakaa. Aliyeandika mwaka 2022 kwamba jibu sahihi la "mkoa wa Giteranyi" ni Muyinga alikuwa sahihi. Leo jibu hilo ni historia. Ndiyo sababu hukumu iandikwe kwa namba ya utambulisho ya rekodi, isiandikwe kwa jina, na iwe na tarehe ya kuanza kutumika na ya kukoma. Daftari la wazi la GeoNames lina utaratibu wa namna hii: kila mahali pana namba yake isiyobadilika, na majina mengine ya mahali hapo yanatunzwa kando, yakiwa na alama ya kuonyesha kama jina ni la kihistoria na nafasi ya kuandika lilianza lini na lilikoma lini. Nakala iliyogandishwa inapofanywa upya, mara moja kila miezi kadhaa, mpimaji anapitia hukumu zilizokoma na kuziandika upya kwa mkono. Kazi hiyo inachosha, na sijaona njia ya kuikwepa.

Kuna sababu nyingine ya kugandisha nakala, na hii huwashangaza hata wahandisi wazoefu. Alama ambayo mfumo unaipa rekodi haitokani na rekodi hiyo peke yake. Neno lililo adimu katika data yote hupewa uzito mkubwa, na neno lililo la kawaida hupewa uzito mdogo. Kwa hiyo rekodi ya Giteranyi inaweza kushuka nafasi mbili bila mtu yeyote kuigusa, kwa sababu tu rekodi nyingine mia tano zenye neno fulani zimeingia. Zaidi ya hapo, Lucene, ambayo ndiyo injini iliyomo ndani ya Elasticsearch, haifuti rekodi papo hapo. Kubadilisha rekodi ni kuweka alama ya kufutwa kwenye ile ya zamani na kuandika mpya. Ile ya zamani haionekani tena kwa mtafutaji, lakini maneno yake yanaendelea kuhesabiwa katika takwimu mpaka vipande vya faharasa viunganishwe upya. Wakati wa kuhamisha maelfu ya rekodi kutoka "Muyinga" kwenda "Buhumuza", neno Muyinga linabaki kuonekana la kawaida kuliko lilivyo. Na kwa kuwa nakala mbili za faharasa hiyohiyo zinaweza kuunganisha vipande vyake kwa nyakati tofauti, mtu akibonyeza kitufe cha kutafuta mara mbili anaweza kupata mifuatano miwili tofauti. Mpimaji asiyelijua hili hutumia siku nzima akitafuta kosa katika msimbo wa programu, na huko halipo.

Sasa tuje kwenye makosa ya herufi. Hapa nitakaa zaidi, maana vitabu vya programu vimeandikwa kwa lugha ambazo makosa yake hayafanani na yetu.

Njia inayotumika sana ni kuhesabu ni herufi ngapi zinahitaji kubadilishwa, kuongezwa au kuondolewa ili neno moja liwe jingine. Katika Elasticsearch, mpangilio wa `fuzziness` ukiwekwa `AUTO`, neno la herufi moja au mbili halivumiliwi kosa lolote, la herufi tatu hadi tano linavumiliwa kosa moja, na lililozidi hapo makosa mawili. "Gitelanyi" iko kosa moja tu kutoka Giteranyi, kwa hiyo inapatikana. "Usumbura", jina la zamani la Bujumbura, iko makosa mawili: ongeza B mwanzoni, badilisha s iwe j. Nayo inapatikana, kwa bahati tu.

Lakini tazama upande wa pili. Gitega ina herufi sita, kwa hiyo inaruhusiwa makosa mawili. Giheta, iliyokuwa tarafa ndani ya mkoa huohuo wa Gitega, iko makosa mawili kutoka Gitega. Gitanga, iliyokuwa tarafa ya Rutana kusini mwa nchi, nayo iko makosa mawili. Muyinga iko makosa mawili kutoka Muhanga ya Kayanza, na makosa mawili pia kutoka Mugina ya Cibitoke. Majina yetu yanafanana kwa sababu yanaanza kwa viambishi vilevile, Gi-, Mu-, Bu-, Ru-, na yanaishia kwa irabu. Uvumilivu unaofaa kwa majina ya Ulaya unaleta umati wa majirani hapa.

Hili linatupa jaribio zuri ambalo halihitaji kujua data kabisa. Ikiwa ndani ya data kuna rekodi yenye jina lililoandikwa sawasawa na swali, basi rekodi hiyo lazima itangulie kila rekodi iliyopatikana kwa kukisia. Anayetafuta "Gitega" anaweza kuonyeshwa Giheta, lakini kamwe isitangulie Gitega. Sharti hilo linabaki kweli leo na kesho, rekodi ziwe elfu tatu au laki tatu, kwa hiyo linaweza kupimwa juu ya data hai kila saa. Chukua majina mia kutoka kwenye data yenyewe kwa bahati nasibu, yatafute jinsi yalivyo, na uone kama kila moja linarudi likiwa juu ya makisio.

Jaribio la pili ni kuharibu majina hayo kwa makusudi, na hapa ni lazima yaharibiwe kwa namna watu wanavyokosea kweli. Zana nyingi hubadilisha herufi ovyo ovyo, au huchukua herufi jirani kwenye kibodi. Mswahili anayeandika jina la Kirundi alilolisikia kwenye simu hakosei hivyo. Anaandika l mahali pa r: Luyigi badala ya Ruyigi. Anaandika k mahali pa g mwanzoni: Kitega badala ya Gitega, kama walivyoandika Wajerumani na Wabelgiji. Kirundi hugeuza ki- kuwa gi- kabla ya konsonanti kama t. Kiswahili hakifanyi hivyo, na sikio la Kiswahili linasikia lilichokizoea.

Angalia jinsi makosa haya mawili yanavyokutana na mpangilio mmoja mdogo. Ili kuongeza kasi, wahandisi hushauriwa kuweka `prefix_length` iwe 1 au 2, maana yake herufi ya kwanza, au mbili za kwanza, lazima ziwe sahihi kabla ya mfumo kukubali kukisia. Wanaofanya hivyo huamini kwamba watu hawakosei herufi ya kwanza. Kwetu herufi ya kwanza ndiyo yenye hatari kubwa. Kwa mpangilio huo Kitega haifiki Gitega, Luyigi haifiki Ruyigi, na majaribio yote yenye kosa katikati ya neno yanaendelea kupita bila kasoro. Mfumo unaonekana mzima kwenye ripoti, huku mtu wa Kabanga, ng'ambo ya mpaka, akiambiwa kwamba hakuna mahali paitwapo Luyigi.

Makosa yakiwa matatu, hata `prefix_length` ikiwa sifuri haitoshi. "Kitelani" inahitaji kubadilisha k, kubadilisha l na kuongeza y ili iwe Giteranyi. Wengine hukimbilia kuongeza uvumilivu, lakini tumeshaona umati unaoletwa na makosa mawili tu, na Elasticsearch yenyewe haikubali zaidi ya mawili. Dawa ni kusawazisha kabla ya kulinganisha: kila l igeuzwe r, katika swali na katika faharasa. Kitelani inakuwa kiterani, na umbali wake kutoka Giteranyi unabaki makosa mawili. Inapatikana. Usawazishaji huo ufanyike katika uga wa pembeni tu, ili mji wa Rulenge wilayani Ngara uendelee kuonyeshwa kwa tahajia yake, na sharti la jina kamili kutangulia lipimwe upya baada ya hatua hiyo.

Yapo majina ambayo hakuna hesabu ya herufi itakayoyaokoa. "Muhinga" ni tahajia ya kikoloni ya Muyinga. Iko kosa moja kutoka Muyinga na kosa moja kutoka Muhanga. Kwa herufi peke yake mfumo hauna sababu ya kuchagua. Na kutoka Muyinga hadi Buhumuza hakuna njia kabisa. Hapa inahitajika orodha ya majina mbadala iliyoandikwa na mtu, na kila jina mbadala liwe na jaribio lake. Hati nyingi za watu bado zinasema Muyinga na zitaendelea kusema hivyo kwa miaka.

Tuingie kwenye vichujio. Kichujio hakikisii. Mtafutaji akichagua mkoa wa Buhumuza, kila rekodi inayorudi lazima iwe ya Buhumuza katika hifadhidata kuu, si katika faharasa tu. Jaribio ni kuchukua namba za utambulisho zilizorudi na kwenda kuziuliza hifadhidata yenyewe. Hilo linakamata rekodi zilizobadilishwa upande mmoja na kusahauliwa upande mwingine. Halikamati rekodi iliyotoweka, na wakati wa uhamisho kutoweka ndilo kosa baya zaidi.

Ili kukamata kutoweka, tumia hesabu. Idadi ya rekodi zote bila kichujio lazima iwe sawa na jumla ya rekodi za kila mkoa, ukiongeza zile zisizo na mkoa wowote. Wakati wa kuhamia mikoa mitano, mfumo mmoja ulikuwa na thamani za zamani na mpya kwa pamoja, na menyu ya vichujio ilionyesha mikoa mitano mipya tu. Rekodi zilizokuwa bado na neno "Muyinga" zilikuwepo, zilipatikana kwa jina, lakini hakuna kichujio kilichozifikia. Kila rekodi iliyorudi ilikuwa sahihi, na jumla haikulingana. Rekodi kama Butaganzwa nayo iwemo daima katika majaribio ya vichujio, kwa kuwa kulikuwa na tarafa mbili za jina hilo, moja Kayanza na moja Ruyigi. Kichujio cha mkoa kikichanganya mbili hizo, mzigo wa dawa unaenda upande usio wake wa nchi.

Juu ya upangaji nina neno moja tu kabla ya kurasa, kwa sababu linazibeba. Ukipanga kwa jina, na majina yanafanana, mfumo haukuahidi chochote kuhusu nani atangulie kati ya wanaofanana. Leo Butaganzwa ya Kayanza, kesho ya Ruyigi. Kolini za Burundi ni karibu elfu tatu na majina mengi yanajirudia. Kwa hiyo kila upangaji uishie kwa namba ya utambulisho, ambayo haijirudii. Bila hilo, lolote nitakalosema sasa kuhusu kurasa halitasimama.

Chukueni tarafa saba za mkoa wa zamani wa Muyinga, kwa alfabeti: Buhinyuza, Butihinda, Gashoho, Gasorwe, Giteranyi, Muyinga, Mwakiro. Tuseme zimeshapewa mkoa mpya wa Buhumuza, msomaji amechuja kwa mkoa huo, na kila ukurasa una majina manne. Ukurasa wa kwanza una Buhinyuza, Butihinda, Gashoho na Gasorwe. Anausoma kwa dakika moja. Katika dakika hiyo mhariri anaiondoa Buhinyuza katika orodha. Msomaji anabonyeza ukurasa wa pili, na mfumo unafanya kile ambacho mifumo mingi hufanya: unaruka rekodi nne za mwanzo na kutoa zinazofuata. Lakini nne za mwanzo sasa ni Butihinda, Gashoho, Gasorwe na Giteranyi. Ukurasa wa pili unaonyesha Muyinga na Mwakiro. Giteranyi haikuonekana kwenye ukurasa wowote. Haikufutwa wala kubadilishwa. Ilikuwemo katika data tangu mwanzo hadi mwisho.

Rudieni mwanzo, na safari hii mhariri aongeze Cankuzo badala ya kuondoa Buhinyuza. Nne za mwanzo zinakuwa Buhinyuza, Butihinda, Cankuzo na Gashoho, na ukurasa wa pili unaanza na Gasorwe, ambayo msomaji ameshaiona. Kurudia kunaudhi tu, lakini kukosa kunaumiza, kwa sababu hakuna anayegundua asichokiona. Kuruka kwa idadi ni kama kuhesabu watu wa foleni kwa nafasi zao huku wengine wakitoka na kuingia mbele yako.

Njia iliyo bora ni kutouliza "ruka wangapi" bali "endelea baada ya nani". Katika PostgreSQL inaandikwa hivi, tukichukulia kwamba Gasorwe ina namba 4:

```sql
SELECT id, jina
FROM tarafa
WHERE mkoa = 'Buhumuza'
  AND (jina, id) > ('Gasorwe', 4)
ORDER BY jina, id
LIMIT 4;
```

Buhinyuza ikiondolewa, ukurasa wa pili bado unaanza na Giteranyi. Cankuzo ikiongezwa, Gasorwe haijirudii; Cankuzo yenyewe haitaonekana katika usomaji huu, na hilo linakubalika, kwa kuwa haikuwepo msomaji alipopita hapo. Elasticsearch ina njia hiyohiyo kwa jina la `search_after`, nayo pia inakwepa ukomo wa kawaida wa rekodi 10,000 ambao kuruka kwa idadi hakuwezi kuuvuka bila kubadilisha mipangilio.

Jaribio lake linajengwaje? Andika programu mbili ndogo. Moja inasoma kurasa zote kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho na kukusanya namba za utambulisho. Nyingine, kila baada ya ukurasa, inafanya badiliko moja: kuongeza, kuondoa, kubadilisha jina, au kuhamisha mkoa, likichaguliwa kwa bahati nasibu inayoanza na namba unayoihifadhi. Ile ya pili inaandika kila badiliko katika daftari lake. Usomaji ukiisha, gawa rekodi katika mafungu matatu kwa kutumia daftari hilo. Rekodi ambazo zilistahili kuwemo tangu mwanzo hadi mwisho bila kuguswa lazima zimeonekana mara moja kila moja, si sifuri wala mbili. Rekodi ambazo hazikustahili wakati wowote zisionekane. Zilizoguswa katikati hatuzidai chochote, ila zihesabiwe, ili fungu hilo lisije likawa kubwa kiasi cha kuficha makosa. Jaribio likifeli, rudia kwa namba ileile ya bahati nasibu na utapata mfuatano uleule wa mabadiliko, kwa hiyo kosa linaweza kuchunguzwa badala ya kusimuliwa.

Kuna mtego mmoja wa muda. Katika Elasticsearch, badiliko halionekani kwa mtafutaji mara linapoandikwa. Kwa kawaida faharasa hujiburudisha kila sekunde moja. Mpimaji anaandika rekodi, anaitafuta papo hapo, haipati, na anaweka usingizi wa sekunde mbili katika jaribio lake. Kwenye seva iliyolemewa sekunde mbili hazitoshi, na jaribio linaanza kufeli siku moja moja bila sababu inayoonekana. Badala ya usingizi, andika kwa `refresh=wait_for`, ambayo inarudi pale tu badiliko linapokuwa tayari kuonekana, au uliza tena na tena hadi ukomo uliotajwa, kisha ufeli kwa sauti. Na ule muda uliopita kati ya kuandika na kuonekana, urekodi. Ukipanda kutoka sekunde moja hadi kumi wakati wa uhamisho mkubwa, hiyo ni habari ambayo wahariri wanaihitaji.

"Endelea baada ya nani" nayo ina ukomo wake, na jaribio la bahati nasibu litauonyesha mapema. Mhariri akibadilisha jina la rekodi iliyo mbele ya msomaji na kulifanya lianze na A, rekodi hiyo inahamia nyuma yake na hataiona. Akibadilisha jina la iliyo nyuma na kulifanya lianze na Z, ataiona mara mbili. Ukipanga kwa tarehe ya kubadilishwa, hali hiyo inakuwa ya kila dakika, maana kila rekodi inayoguswa inahama. Kwa sababu hiyo ninashauri upangaji wa tarehe ya mabadiliko usiwe chaguo la kwanza katika orodha yoyote ambayo mtu anaisoma hadi mwisho.

Anayehitaji orodha kamili isiyo na pengo, kwa mfano afisa anayetoa majina ya vituo vyote vya Buhumuza ili kugawa vyandarua, apewe picha ya data ya wakati mmoja. PostgreSQL inaweza kuitoa ndani ya muamala wa `REPEATABLE READ`, na Elasticsearch kwa kile inachokiita `point in time`. Kurasa zote zinasomwa kutoka picha hiyo hata kama data inabadilika nje. Gharama yake ni kwamba seva inalazimika kushikilia data ya zamani mpaka picha ifungwe au muda wake uishe, kwa hiyo wasomaji mia walioacha simu zao mfukoni wanaweza kujaza diski. Pia afisa anasoma hali iliyopita, na hilo liandikwe juu ya faili kwa saa na tarehe. Kwa mtu anayeperuzi kwenye simu akitafuta kituo kimoja, "endelea baada ya nani" inatosha na ni nyepesi. Mpimaji aulize mapema ni nani anayesoma orodha na atafanya nini nayo, kisha apime ahadi inayomhusu: kwa afisa wa vyandarua, fungua picha, badilisha rekodi mia moja huku ukisoma, na uhakikishe kwamba idadi ya mwisho inalingana na idadi iliyotajwa picha ilipofunguliwa, na Giteranyi imo mara moja.